Flashi ina nafasi, gemu imekataa: historia ya ukomo wa GB 4

Flashi ya GB 32 ni tupu, haina hata wimbo mmoja. Folda ya gemu inayotakiwa kuingia humo ina GB 11 kwa jumla. Kwa hesabu ya kawaida nafasi inatosha na kubaki. Faili ndogo zinapita bila shida, lakini ikifika zamu ya faili moja la GB 6, Windows inasimama na kuandika kwenye skrini:

```
The file is too large for the destination file system.
```

Wengi wakiona hivyo hudhani flashi ni mbovu au ni bandia, au gemu imepakuliwa vibaya. Flashi inaweza kuwa nzima kabisa, na gemu pia. Kinachokataa ni namna flashi ilivyofomatiwa, yaani FAT32, na sababu ya kukataa iliamuliwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, wakati diski ya kawaida ya kompyuta ndogo haikufika hata MB moja.

Habari inaanzia mwaka 1977, pale Marc McDonald, mmoja wa waajiriwa wa mwanzo wa Microsoft, alipobuni utaratibu wa kuweka kumbukumbu kwenye diski za kubebeka. Diski iligawanywa vipande vilivyolingana, na mwanzoni mwake kukawa na jedwali linaloonyesha kila kipande kinafuatwa na kipi. Faili lililotawanyika sehemu kumi za diski liliweza kusomwa kwa kulifuata jedwali hilo hatua kwa hatua. Herufi za FAT zinalitaja jedwali hilo.

Mwaka 1980 Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products aliuchukua utaratibu huo akautumia katika mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, ambao baadaye uliitwa 86-DOS. Mwaka uliofuata Microsoft iliununua mfumo huo, na ndio uliokuja kuuzwa pamoja na kompyuta ya IBM PC kuanzia Agosti 1981. Kila faili likapewa mstari wake katika orodha ya folda, na mstari huo ulikuwa na baiti 32 tu. Humo viliingia jina la faili, tarehe, namba ya kipande linapoanzia, na mwishoni baiti 4 za kuandikia ukubwa wake.

Hizo baiti 4 ndizo chanzo cha kisa chote. Ni kama fomu ya benki yenye visanduku vichache vya kuandikia kiasi cha fedha: visanduku vikijaa tarakimu kubwa kuliko zote, hakuna pa kuongeza nyingine, hata kama fedha zipo mkononi. Baiti 4 ni biti 32, na namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 32 ni 4,294,967,295. Faili likizidi hapo hata kwa baiti moja, ukubwa wake hauandikiki. Hiyo ndiyo GB 4 inayotajwa kwa kifupi.

Katika mwaka 1981 hakuna aliyeweza kulaumu uamuzi huo. Diski za kwanza za IBM PC zilibeba KB 160, hivyo ukomo wa GB 4 ulikuwa mbali mno na mahitaji ya mtu yeyote. Kilichobana kwanza kilikuwa jedwali lenyewe. Katika diski hizo za kwanza kila namba humo ilikuwa na biti 12, na mwaka 1984 zikaongezwa kuwa biti 16 ili kuhudumia diski ngumu. Biti 16 zinatosha kuhesabu vipande 65,536. Kila kipande kikiwa na KB 32, jumla inakuwa GB 2, na hapo ndipo diski iliyofomatiwa kwa FAT16 ilipoishia.

Diski ngumu ziliufikia ukomo huo katikati ya miaka ya 1990. Jibu la Microsoft lilikuja Agosti 1996, katika toleo la Windows 95 lililoitwa OSR2. Jedwali lilipanuliwa, likaweza kuhesabu mamilioni ya vipande, na mfumo mpya ukaitwa FAT32. Lakini mstari wa baiti 32 katika folda uliachwa na umbo lake lile lile, ili programu zilizozoea mpangilio wa zamani zisivurugike. Zile baiti 4 za ukubwa zikabaki. Kwa hiyo FAT32 iliruhusu diski kubwa, ila haikuruhusu faili kubwa.

Hata hapo uamuzi ulikuwa na busara yake. Sidii moja ilibeba takribani MB 650, na kompyuta nyingi za wakati huo zilikuwa na diski nzima isiyofika GB 4. Mnamo 1993 gemu ya Doom ilikuwa imekuja na ramani, picha na sauti zake zikiwa zimefungashwa ndani ya faili moja, na faili la toleo lake la kujaribia lilikuwa na MB 4 hivi. Ili kugonga ukomo wa FAT32, faili hilo lingepaswa kukua mara elfu moja.

Na likakua. Watengenezaji wa gemu waliupenda utaratibu wa kufungasha vitu vyote katika faili moja au machache, kwa sababu kompyuta huchelewa inapofungua maelfu ya faili ndogo, na huenda haraka inaposoma faili moja mfululizo. Gemu zikahamia kwenye dividii yenye GB 4.7, kisha ya tabaka mbili yenye GB 8.5, na kuanzia 2006 PlayStation 3 ikaleta Blu-ray ya GB 25 na GB 50. Leo gemu kubwa ya kompyuta kuwa na faili moja lenye GB 6, GB 10 au zaidi si ajabu.

Wakati huohuo flashi, zilizoanza kuuzwa mwaka 2000 zikiwa na MB 8 tu, zilikuwa zimeichukua FAT kwa sababu nyepesi: kila mashine iliisoma. Kamera, redio za magari, televisheni na kompyuta za kila aina zinaielewa. Ndiyo maana mpaka leo flashi za GB 32 kushuka chini kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na FAT32.

Hiyo GB 32 nayo ina historia yake, na watu huichanganya na ukomo wa GB 4. Dave Plummer, mhandisi aliyefanya kazi Microsoft, amesimulia hadharani kwamba ndiye aliyeandika dirisha la kufomati la Windows NT katika miaka ya 1990, na ndiye aliyeamua kwamba dirisha hilo lisifomati FAT32 inayozidi GB 32. Ukomo huo uliwekwa na zana za kufomati za Windows tu. FAT32 yenyewe inaweza kubeba diski kubwa zaidi, na Windows huisoma ikiwa imefomatiwa kwa programu nyingine. Ukomo wa GB 4 ndio usiokwepeka, maana umo ndani ya muundo wenyewe.

Basi mtu atajuaje kwamba hilo ndilo tatizo lake? Katika Windows, bofya flashi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha usome mstari wa File system. Ukiona FAT32, na folda ya gemu ina faili linalozidi GB 4, jibu umelipata. Dalili nyingine huonekana gemu inapopakuliwa moja kwa moja kwenye flashi: kazi inakwenda vizuri, kisha inakatika kwa taarifa ya kushindwa kuandika kwenye diski, na faili lililobaki limegota karibu na GB 4. Likikatika penginepo kila mara, au faili zikiingia kisha zisifunguke, hapo ndipo pa kushuku flashi mbovu au bandia.

Wengine hulikata faili vipande kwa programu kama 7-Zip. Njia hiyo inafaa kusafirisha tu. Gemu haitachezeka kutoka kwenye flashi mpaka vipande viunganishwe kwenye diski nyingine isiyo na ukomo huo. Dawa ya kudumu ni kubadili fomati, na za kuchagua ni mbili.

Ya kwanza ni NTFS, iliyotoka na Windows NT 3.1 mwaka 1993. Ukomo wake wa faili uko juu mno kuliko gemu yoyote. Pia huweka daftari la mabadiliko, hivyo umeme ukikatika katikati ya kazi, orodha ya faili ina nafasi nzuri ya kupona. Udhaifu wake ni nje ya Windows: Mac huisoma bila kuiandikia, na PlayStation haiitambui.

Ya pili ni exFAT, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 2006 kwa ajili ya flashi na kadi za kumbukumbu. Humo ukubwa wa faili umepewa biti 64. Kwa miaka mingi ilifungwa na hataza, na Linux haikuwa na njia rasmi ya kuisoma. Agosti 2019 Microsoft ilichapisha maelezo yake kamili, na mwishoni mwa mwaka huo ikaingia katika Linux 5.4. Windows, Mac, PlayStation 4 na PlayStation 5 zote zinaisoma. Ila haina daftari la mabadiliko, hivyo kuchomoa flashi kabla ya kuitoa kwa utaratibu ni hatari. Na vipande vyake kwenye flashi kubwa kwa kawaida ni vya KB 128, kwa hiyo gemu yenye maelfu ya faili ndogo itakula nafasi zaidi ya ukubwa wake halisi.

Kufomati hufuta kila kitu, kwa hiyo hamisha kwanza vilivyomo. Kisha bofya flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Format, weka exFAT, acha Allocation unit size kama ilivyo, ubofye Start. Anayetaka NTFS bila kufuta anaweza kutumia amri hii, akibadilisha E kwa herufi ya flashi yake:

```
convert E: /fs:ntfs
```

Amri hiyo haina njia ya kurudi FAT32, wala haibadilishi kwenda exFAT. Na ingawa haifuti faili, weka nakala yake kabla ya kuitumia.

Kumbuka pia kwamba PlayStation 4 inaposakinisha gemu kwenye diski ya nje huifomati kwa namna yake, na hudai diski ya USB 3.0 yenye GB 250 au zaidi. Flashi ya GB 32 haitakubalika hata ikiwa na exFAT.

Kwa hiyo chagua kwa kuangalia mashine itakayosoma. Flashi ya gemu inayokaa kwenye kompyuta ya Windows peke yake, ipe NTFS. Inayozunguka kati ya kompyuta, Mac na PlayStation 4 kwa kubeba faili, ipe exFAT. FAT32 iachie redio ya gari, televisheni ya zamani na PlayStation 3, ambazo mara nyingi hazijui nyingine.