Amevunjika paja na kafungwa mawe mguuni: kwa nini hutakiwi kuyagusa

Ingia wodi ya mifupa ya hospitali yoyote ya wilaya utawakuta. Kijana wa bodaboda kalala chali, chuma kimepita chini ya goti lake, kamba imepita kwenye kapi, na mwisho wa kitanda yananing'inia mawe. Ndugu wanauliza: hii ni tiba au anasubiri tiba?

Ni tiba. Kitaalamu inaitwa traksheni, yaani kuvuta mfupa kwa uzito. Pale ambapo hakuna daktari wa kuweka chuma ndani ya mfupa, au foleni ya thieta ni ya wiki kadhaa, traksheni ndiyo inayounga paja. Lakini inafanya kazi kwa sharti moja: uzito uvute usiku na mchana bila kukatizwa.

Paja likivunjika, mguu unafupika

Misuli ya paja ina nguvu kuliko karibu misuli yote mwilini. Mfupa ukikatika, misuli inajikaza na kuvuta vipande vipandane. Ndiyo maana mguu uliovunjika unaonekana mfupi na umegeukia nje. Damu nayo inavujia ndani ya paja, inaweza kuzidi lita moja bila tone kuonekana nje.

Uzito unaichosha ile misuli taratibu. Vipande vinarudi kwenye mstari, maumivu yanapungua, na mfupa unapata nafasi ya kujiunga.

Pini inapita wapi

Kwa mtu mzima, mahali pa kawaida ni juu ya mfupa wa ugoko. Papasa chini ya goti lako kwa mbele, utagusa kinundu. Pini inaingia takribani sentimita 2.5 chini ya kinundu hicho na sentimita 2.5 nyuma yake.

Haihitaji thieta. Daktari anasafisha ngozi na kuchoma dawa ya ganzi pande zote mbili mpaka kwenye ngozi inayofunika mfupa. Kisha anapitisha pini kwa kuizungusha kwa mkono. Drili ya kasi inachoma mfupa, na mfupa ulioungua hulegeza pini baadaye.

Pini inaanzia upande wa nje na kutokea upande wa ndani. Sababu ni kwamba upande wa nje, nyuma kidogo, unapita mshipa wa fahamu unaonyanyua kanyagio. Daktari akianzia huko anajua ncha inaingia wapi. Akianzia ndani, ncha inaweza kuibukia juu ya mshipa huo.

Kabla ya yote, goti linakaguliwa. Kama kano zake zimekatika, kuvuta kwa chini yake kutaliachanisha, hivyo pini inahamishiwa kwenye paja lenyewe, juu ya goti. Mtoto ambaye bado anakua hapigwi pini kwenye kinundu, maana hapo ndipo mfupa wake unaporefukia. Mtoto mdogo huvutwa kwa plasta ya ngozi tu.

Uzito kiasi gani?

Wengi huanza na moja ya saba ya uzito wa mwili, kisha hupunguza hadi moja ya kumi mguu ukirudia urefu wake. Tuchukue mfano wa kijana wa kilo 63. Anaanza na kilo 9. Hospitali isiyo na mawe maalumu hutumia madumu ya maji, kwa kuwa lita moja ni kilo moja.

Upande wa miguuni wa kitanda unanyanyuliwa kwa matofali. Bila hivyo kilo 9 zitamburuta mgonjwa mpaka miguu ifike kwenye chuma cha kitanda, na hapo hakuna kinachovutwa tena.

Kipimo cha kazi ni futi ya fundi cherehani. Nesi anapima kutoka ncha ya mfupa wa nyonga kwa mbele mpaka kifundo cha mguu upande wa ndani, miguu yote miwili. Siku ya kwanza mguu mzima wa kijana wetu una sentimita 89, uliovunjika 86. Siku ya tatu umefika 88.5. Eksirei inaonyesha vipande vimenyooka, uzito unashushwa hadi kilo 6.

Wiki ya pili usiku, kijana analalamika. Kaka yake anamhurumia, anayapandisha mawe kitandani ili dogo apate usingizi. Asubuhi kipimo kinasoma 87. Misuli imejikaza tena, vipande vimepandana, na gundi changa ya mfupa imevurugika. Uzito unaongezwa upya. Kosa hilohilo lingefanyika wiki ya tano, mfupa ungekuwa umeanza kukaza na pengine angebaki na mguu mfupi maisha yake yote.

Kinyume chake pia ni kosa. Mguu uliovunjika ukisoma mrefu kuliko mzima, uzito umezidi. Vipande vimeachana, na mfupa wenye pengo hauungi.

Kazi ya nesi, na yako wewe ndugu

Mawe yaning'inie hewani, yasiguse sakafu wala kitanda. Kamba isikwame kwenye shuka. Mgonjwa anapobadilishiwa shuka au kuwekewa beseni la kujisaidia, anajinyanyua kwa mikono akishika mshikio wa juu, na mawe yanabaki palepale.

Matundu ya pini yanasafishwa kwa maji ya chumvi safi na kufunikwa kwa gozi kavu. Ncha za pini huvalishwa vichupa vitupu vya dawa zisichome mguu wa pili. Unyevu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Wekundu unaotambaa, usaha, au pini inayoteleza huku na huku ni dalili kwamba imeoza na huenda ikatolewa.

Makalio na visigino vinakaguliwa kila siku. Kisigino kiachwe kielee kwa mto chini ya ugoko, maana kidonda cha kulala huchukua muda mrefu kupona kuliko hata huo mfupa.

Halafu kuna mazoezi. Daktari Mwingereza George Perkins alionyesha kwamba mgonjwa anaweza kukunja goti huku akivutwa. Kukaza misuli ya paja kunaanza siku za mwanzo, kukunja goti kunafuata maumivu yakitulia. Asiyefanya hivi hutoka na mfupa uliounga na goti lililoganda.

Mwite nesi saa hiyohiyo ukiona:

- Hawezi kunyanyua kanyagio au kidole gumba juu. Mshipa wa fahamu unabanwa, mara nyingi kwa mguu kugeukia nje na kulalia pembeni mwa goti.
- Maumivu makali yanayozidi hata baada ya dawa, hasa vidole vikinyooshwa.
- Siku 3 za mwanzo: anahema kwa shida, anachanganyikiwa, au ana vidoa vyekundu kifuani. Mafuta ya uboho yanaweza kuwa yameingia kwenye damu.
- Mguu kuvimba ghafla, au kifua kuchoma.

Anatoka lini?

Kwa mtu mzima ni kati ya wiki 6 na 12. Kalenda peke yake haitoshi. Paja likibonyezwa lisiume, lisicheze, aweze kunyanyua mguu ulionyooka mwenyewe, na eksirei ionyeshe mfupa mpya umezunguka pale palipovunjika. Pini inatolewa, anaanza magongo, akikanyaga kidogokidogo.

Akipatiwa nafasi ya upasuaji katikati ya safari hii, aichukue: atakaa kitandani muda mfupi zaidi. Mpaka siku hiyo ifike, mawe yabaki yananing'inia.