Neno la mama, shamba la baba: historia ya ahadi ya mdomo kwetu Fizi



Kati ya mashauri ya ardhi yanayofika kwetu, kuna moja linalorudi karibu kila msimu wa kulima. Mtoto mmoja alibaki na mzazi mzee. Alimuogesha, alimpikia, alimbeba mpaka santere ya afya, miaka na miaka. Siku moja mzazi akamwambia: "Hii shamba itakuwa yako." Mzazi anakufa, ndugu wengine wanarudi, na pale ndipo maneno yanaanza. Mwenye kuuguza anasema: "Mama alinipa." Ndugu wanauliza: "Karatasi iko wapi?"

Swali hilo la karatasi lina historia yake, na bila kuijua tutaendelea kuwahukumu watu vibaya, mara upande huu, mara upande ule.

Zamani kwetu neno la mdomo halikuwa jambo dogo. Lilikuwa ndilo hati yenyewe. Lakini wazee wanatukumbusha kitu tunachokisahau: neno lililogawa ardhi halikusemwa chumbani. Lilisemwa uwanjani, mbele ya watu wa ukoo na majirani, kisha watu wakatembea mpakani pamoja, na vijana wakaitwa waone ili wakumbuke baada ya wazee kuondoka. Majirani zetu wa Bushi walikuwa na kalinzi: mtu alitoa ng'ombe kwa mwenye ardhi, akapata haki ya kulima na kuwaachia watoto wake, na waliokuwepo ndio walikuwa kitabu cha jambo lile. Hakuna aliyeandika, lakini hapakuwa na siri.

Serikali nayo ilikuja na maandishi yake. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Leopold ulitangaza kwamba ardhi isiyo na mtu ni ya Serikali. Baada ya uhuru ikaja sheria ya Bakajika ya 1966, kisha sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ambayo inasema udongo wote ni wa Serikali, na haki ya mtu inathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa. Sasa mashamba yetu ya kijijini, yasiyo na sertifika, yalibaki wapi? Sheria ile, kwenye kifungu cha 389, ilisema haki za wanaokaa kwa desturi zitapangwa na ordonansi ya Rais wa Jamhuri. Miaka makumi ikapita bila ordonansi hiyo kutoka. Kwa hiyo mwanakijiji wa Fizi aliendelea kushika shamba lake kwa neno na mashahidi, si kwa sababu ya ujinga, bali kwa sababu hakupewa njia nyingine iliyo karibu.

Halafu ikaja vita ya 1996, na ile ya 1998. Tulivuka ziwa, wengine Lugufu, wengine Nyarugusu. Tunapohesabu tulichopoteza tunataja nyumba, mifugo na watu. Lakini tulipoteza pia mashahidi. Mzee aliyetembea mpakani mwaka 1980 alizikwa Kigoma. Kijana aliyeitwa aone, leo anaishi Amerika. Tangu 2005, meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma hadi Baraka, tumerudi kwenye mashamba ambayo kumbukumbu yake imetawanyika. Na ahadi nyingi za baada ya hapo zilisemwa ndani ya nyumba, na mgonjwa, kwa mtu mmoja. Zina sura ya neno la zamani, lakini hazina uwanja wake.

Tuchukue mfano mmoja. Tumechanganya mambo ya familia mbalimbali ili mtu asitambulike.

Baba alikufa 1994, akaacha mke, wavulana wawili na binti mmoja wa mwisho. Shamba lilikuwa lake, la ukoo wake, lenye urefu wa hatua 150 kuelekea mto. Mwaka 2006 mama alirudi kutoka Lugufu na binti peke yake. Mkubwa alibaki Nyarugusu, wa pili alikwenda kutafuta maisha Lubumbashi. Mwaka 2008 mama alipooza upande mmoja. Binti alimuuguza miaka tisa, mpaka 2017. Katika miaka hiyo alipanda michikichi 40 upande wa mto. Mwaka 2012 mama alimwambia, mbele ya jirani mmoja mwanamke: "Wewe ndiye ulinibeba. Shamba yote ni yako." Mwaka 2019 yaya mkubwa akarudi na familia yake, akaomba mahali pa kulima. Binti akamkatalia. Yaya akajibu: "Mwanamke harithi shamba la ukoo. Wewe utaolewa, sisi tutabaki wapi?"

Ukiwasikiliza haraka, utaona mmoja ana huruma upande wake na mwingine ana desturi. Kumbe wote wawili walishika hoja dhaifu.

Tuanze na binti. Swali la kwanza si kama mama alisema kweli. Jirani alithibitisha, na hata yaya hakukana. Swali la kwanza ni kama shamba lilikuwa la mama kulitoa. Halikuwa. Kwa desturi, mjane analima shamba la mumewe na kulilinda kwa ajili ya watoto. Kwa Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 vilevile, baba alipokufa 1994 urithi ulifunguka siku ileile: watoto wanapata robo tatu, sawa kwa sawa, na robo inayobaki inawahusu mjane pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Mama hakuweza kutoa "yote", kwa sababu sehemu kubwa ilikuwa tayari ya watoto wake watatu.

Hata kama shamba lingekuwa la mama mwenyewe, maneno ya 2012 yasingetosha kuwa wasia. Sheria inakubali wasia wa mdomo, lakini kwa mtu aliye karibu na kufa, mbele ya mashahidi wawili wazima angalau, na kwa mambo madogo tu. Hapa shahidi alikuwa mmoja, na mama aliishi miaka mitano baadaye.

Sasa yaya. Aliposema mwanamke harithi, alisema jambo ambalo wengi wetu tulilisikia tangu utoto. Lakini sheria ya 1987 haitenganishi mtoto wa kiume na wa kike. Binti ni mrithi wa baba yake kama kaka zake. Ndiyo maana tulimwambia dada yule, polepole, kwamba haki yake yenye nguvu haitoki katika ahadi. Inatoka katika kuzaliwa. Alikuwa anapigania yote kwa neno ambalo lingeanguka mbele ya jaji, na alikuwa karibu kupoteza hata theluthi yake, kwa sababu hakuidai.

Na miaka tisa ya kuuguza je? Haipotei, ila inahesabiwa mahali pake. Kwanza kuna miti. Kwetu aliyepanda mti ana haki juu ya mti, hata ardhi ikiwa na mjadala. Michikichi 40 ilikuwa ya binti, na hakuna aliyebisha. Pili kuna gharama. Dawa na safari za santere ya afya zilikuwa mzigo wa watoto wote watatu, na mmoja ndiye aliyeubeba. Mzigo kama huo unazungumzwa kabla ya kugawa, kama deni. Shida ni ushahidi: dada alikuwa ametunza karatasi za dawa za miaka minne tu, ndani ya mfuko wa plastiki. Miaka mingine ilibaki kwa kukadiria.

Baraza lilikaa siku mbili: baba mdogo, shangazi, jirani aliyesikia ahadi, katekista na shefu wa lokalite. Siku ya kwanza ilipotea kwa maneno makali. Siku ya pili shangazi aliuliza swali moja tu: "Nani kati yenu anajua mama alikuwa akilala upande gani?" Yaya alinyamaza. Baada ya hapo hesabu iliwezekana.

Hatua 150 ziligawanywa kwa watatu, hatua 50 kila mmoja. Sehemu ya binti iliwekwa upande wa mto, penye michikichi yake. Kisha, kwa ajili ya gharama za ugonjwa, kila kaka alikubali kupunguza hatua 6. Binti akapata 62, kaka 44 na 44. Walitembea mpakani wote pamoja, na watoto wao wakaitwa waone. Ndiyo desturi ya zamani. Lakini safari hii proseverbali iliandikwa pia, nakala nne, ikiwa na vipimo, majina ya majirani wa mpakani, saini na alama za vidole.

Tuseme wazi kwa wafadhili wetu: karatasi ile si sertifika. Ni ushahidi wa makubaliano, na tiribinali ya amani, ambayo ndiyo inasikiliza mambo ya urithi na ya ardhi ya desturi, inaweza kuusoma. Zaidi ya hapo haina nguvu. Tena saini ya ndugu wa Lubumbashi haijafika mpaka leo. Alikubali kwa simu, watu wakasikia, lakini simu nayo ni neno la mdomo.

Kwa wanachama walio na mzazi mzee nyumbani, jambo la kufanya ni sasa, wakati mzazi bado anasema. Kama shamba ni lake kweli, anaweza kuandika wasia kwa mkono wake mwenyewe, wote, na tarehe na saini. Kama hajui kuandika, aende mbele ya notere au ofisa wa etasivili. Lakini ajue kwamba hawezi kugusa robo tatu ya watoto wote. Anayetaka kumshukuru mwenye kumuuguza ana robo moja ya kuchezea, si shamba zima. Na kama shamba ni la marehemu baba, basi itisheni ndugu, hata kwa simu, mlitaje mbele ya wote. Mwenye kuuguza naye atunze karatasi za dawa tangu siku ya kwanza. Si kumdai mama yake. Ni ili kaka zake wasije kusema kesho kwamba hakukuwa na mzigo.

Dada yule analima hatua zake 62. Bado anasema mama alimpa yote, na hatumkatalii kwamba mama alisema. Msimu uliopita yaya aliomba mawese kwa mkopo, naye alimpa debe moja, mbele ya mashahidi wawili.