Kuku mzima wa kuchoma: Jinsi ya kukokotoa nyama, protini na mafuta

KUKU mzima aliyechomwa akiwa na uzani wa kilo moja hampi mlaji kilo moja ya nyama. Mtu anayehesabu protini kwa sababu ya mazoezi, au aliyeshauriwa na daktari apunguze mafuta, atapotoka akitumia uzani wa kuku mzima.

Kwa kawaida, mifupa na gegedu huchukua karibu theluthi moja ya uzani wa kuku aliyekwisha kuiva. Kuku wa kienyeji, ambaye aghalabu ana minofu michache kifuani, huweza kuwa na mifupa mingi zaidi. Kwa hivyo, njia ya kuaminika ni kupima mara mbili: kuku mzima kabla ya kuliwa, kisha mifupa baada ya kunyofolewa nyama yote. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo sehemu inayolika.

Tuchukue mfano wa kuku wa gramu 1,000. Mifupa yake ikiwa gramu 350, zinabaki gramu 650 za kuliwa. Ngozi ikitengwa na kuwa gramu 100, nyama halisi ni gramu 550.

Katika kila gramu 100 za nyama ya kuku aliyeokwa, isiyo na ngozi, mna takriban gramu 29 za protini, gramu 7.4 za mafuta na kalori 190. Wanga haumo. Hivyo basi, gramu 550 zina protini gramu 160, mafuta gramu 41 na kalori 1,045.

Ngozi nayo, katika gramu 100, ina protini gramu 20, mafuta gramu 41 na kalori 454. Yaani, kipande hicho chembamba kina mafuta sawa na nyama yote iliyosalia! Anayekula kuku huyo pamoja na ngozi hupata protini gramu 180, mafuta gramu 82 na kalori 1,500 hivi. Angalihesabu kilo nzima kuwa nyama, angaliandika protini gramu 290, ilhali gramu 110 kati ya hizo hazipo.

Kosa jingine ni kuchanganya uzani wa kuku mbichi na takwimu za nyama iliyoiva. Kuku hupoteza takriban robo ya uzani wake motoni, hasa maji na sehemu ya mafuta. Ndiyo maana gramu 100 za kidari kibichi kisicho na ngozi zina protini gramu 22 hivi, ilhali kilichoiva kina gramu 31. Protini haikuongezeka, maji ndiyo yaliyopungua.

Aidha, kidari hakilingani na paja. Kwa gramu 100 zisizo na ngozi, kidari kina mafuta gramu 3.6 na paja karibu gramu 11. Kwa hivyo, familia inapogawana kuku, ni heri kila mmoja apime kipande chake badala ya kugawanya jumla kwa idadi ya walaji.