Mtae iko juu kiasi gani? Vipimo vitatu visivyokubaliana

Ukisimama Mtae, pembeni kabisa mwa Usambara Magharibi, ardhi inakatika ghafla hadi tambarare ya Mkomazi. Mpimaji ramani angepapenda, maana anaona mbali. Shida ni kwamba vipimo vyake havitakubaliana.

Tuchukue namba za mfano tu. Kutoka nukta moja ya tambarare, Mtae imepimwa kuwa juu kwa mita 900, na kilima cha jirani mita 953. Halafu kutoka Mtae hadi kilimani imepatikana mita 50. Lakini 900 + 50 ni 950! Mita 3 zimetoka wapi?

Zamani kila mpimaji aliamua kwa busara yake kipimo kipi akiamini. Mwaka 1805 Mfaransa Legendre, katika kitabu kuhusu njia za nyotamkia, alichapisha kanuni: chagua majibu yanayofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kabisa. Mwaka 1809 Mjerumani Gauss akadai alikuwa akiitumia tangu 1795, na ugomvi ukaanza.

Kwetu, x ni kimo cha Mtae na y cha kilima:

f(x, y) = (x − 900)² + (y − x − 50)² + (y − 953)²

Umbo lake ni kama bakuli. Kwenye kitako cha bakuli, ukisogeza x au y kidogo tu, f haipandi wala haishuki papo hapo. Yaani gradienti ni sifuri. Kwa kuwa f ina miraba tu, gradienti yake haina miraba tena, na tunabaki na milinganyo ya mstari:

2x − y = 850
−x + 2y = 1003

Jibu ni x = 901, y = 952. Zile mita 3 zimegawanywa: kila kipimo kimebeba mita 1. Lakini angalia, kama mtu mmoja ndiye aliyekosea peke yake, hesabu hii haimtaji. Wote wanalipa sawa.

Sasa futa vipimo viwili vya tambarare, ubaki na kile cha 50 tu. Gradienti inakupa mlinganyo uleule mara mbili. Bakuli limegeuka mfereji: nyanyua Mtae na kilima pamoja mita 100, f haibadiliki. Mtandao wa vipimo bila nukta iliyofungwa hauna jibu moja.

Ndiyo maana ramani inahitaji nanga. Kati ya 1931 na 1933 Martin Hotine alipima sehemu ya Tanganyika ya Tao la Meridiani ya 30, mnyororo wa pembetatu ulioanzia Afrika Kusini. Pengo la mwisho, huko Sudan, lilizibwa 1954. Ukiona "Arc 1960" pembeni mwa ramani ya zamani ya Tanzania, hiyo ndiyo nanga: jina limetoka kwenye tao hilo.