Kompyuta imekuwa nzito: upandishe Windows juu ya ya zamani, au ufute na kuweka upya?

Kompyuta ikianza kuchukua dakika saba kuwaka, na ukibonyeza faili ukaweza kwenda kuchemsha chai kabla haijafunguka, ushauri unaosikika kila mahali ni mmoja: ipigwe Windows upya. Lakini maneno hayo yana maana mbili, na tofauti yake ndiyo huamua kama mashine itapona au utalipa fundi mara mbili.

Njia ya kwanza ni kupandisha. Windows mpya inaingizwa juu ya ile iliyopo. Picha, barua na programu zako zote hubaki, na mfumo unabadilishwa chini yake. Njia ya pili ni kufuta diski na kuweka Windows upya, kama siku kompyuta ilipotoka kiwandani. Hapo kila kitu kinaondoka, na unarudisha mwenyewe kile unachokihitaji.

Wengi huchagua kupandisha kwa sababu hawataki kupoteza kitu. Hofu hiyo ina msingi, ila kwa kompyuta iliyokuwa nzito ndiyo njia ambayo aghalabu haisaidii.

Kwa nini kupandisha hakuondoi uzito

Uzito wa kompyuta ya miaka mitano au sita mara nyingi hautoki ndani ya Windows yenyewe. Hutoka kwa vitu vilivyorundikana juu yake: programu mbili za kukinga virusi zinazogombania faili moja, programu ya printa uliyoiuza zamani, michezo ya watoto, na vijiprogramu vinavyojiwasha kila asubuhi bila kuitwa. Kupandisha kumetengenezwa makusudi ili vitu hivyo visiguswe. Kwa hivyo mfumo unakuwa mpya, na mzigo ni ule ule.

Tena kunaongeza mzigo mwingine. Baada ya kupandisha, Windows huweka ile ya zamani kwenye folda iitwayo `Windows.old`, ili uweze kurudi nyuma ndani ya siku 10. Folda hiyo inaweza kula zaidi ya gigabaiti 20. Kama diski ilikuwa karibu kujaa, mashine itazidi kulemewa hadi folda hiyo iondolewe.

Kupandisha kuna kazi yake. Kunafaa pale ambapo kompyuta haikuwa nzito bali imeharibika: sasisho zinakataa kuingia kila mara, menyu ya Start haifunguki, au programu zinajifunga zenyewe baada ya umeme kukatika ghafla. Hapo unaingiza Windows ya toleo lile lile juu yake, nayo inabadilisha faili mbovu za mfumo bila kugusa kazi zako. Sharti ni kuanzisha `setup.exe` ukiwa ndani ya Windows inayofanya kazi, kisha uchague `Keep personal files and apps`. Ukiiwasha mashine kwa flashi, chaguo hilo hulipati.

Kwanza jua kinachokwamisha

Kabla ya kufuta chochote, washa kompyuta, usifungue kitu, na uiache dakika kumi itulie. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la `Task Manager` litafunguka. Ingia sehemu ya `Performance` na utazame mambo mawili.

La kwanza ni `Memory`. Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 ikiwa imeshatumia zaidi ya 3 kabla hujafungua chochote, basi ukifungua kivinjari tu itaanza kutumia diski kama RAM, na diski haina kasi hiyo.

La pili ni `Disk`. Hapo utaona pia kama diski ni ya aina ya `HDD`, ile yenye sahani inayozunguka, au `SSD`, isiyo na kitu kinachozunguka. Tazama `Active time`. Ikiwa imeganda kwenye asilimia 100 ilhali hufanyi kazi yoyote, diski ndiyo inayokukwamisha. Angalia tena `Average response time`. Ikisoma mamia ya milisekunde au zaidi wakati kasi ya kusoma na kuandika ni ndogo sana, na ukisikia diski ikigonga au faili zikikwama katikati ya kunakiliwa, diski huenda inakufa.

Unaweza kuiuliza kompyuta yenyewe. Fungua `PowerShell` na uandike:

```
Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName, MediaType, HealthStatus
```

`MediaType` itakwambia aina ya diski, na `HealthStatus` hali yake. Jibu lolote lisilokuwa `Healthy` ni onyo. Hata hivyo, neno `Healthy` peke yake si dhamana, kwa hivyo liweke pamoja na yale uliyoyaona na kuyasikia.

Diski inayokufa haiponi kwa kupandisha wala kwa kufuta. Kazi zote mbili huilazimisha kuandika gigabaiti nyingi, na hapo ndipo inapoweza kuzimika na picha za harusi ndani yake. Ukishuku hilo, toa faili zako kwanza, kisha ubadilishe diski.

Mfano mmoja hatua kwa hatua

Tuchukue laptopu ya mtumba ya aina iliyojaa madukani: prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, RAM gigabaiti 4, diski ya `HDD` ya gigabaiti 500, na Windows 10. Mwenyewe ni mama mwenye ofisi ndogo ya kupiga chapa na kuskani. Ndani yake mna programu ya hesabu za duka, na kadi ya kuiwekea haijulikani iko wapi. Ndiyo maana kila fundi akitaja kufuta, yeye hukataa.

`Task Manager` inaonyesha RAM imejaa asilimia 80 na diski iko kwenye 100 bila kazi. `HealthStatus` ni `Healthy`, na diski haigongi. Sehemu ya `Startup` ina programu kumi na nne zinazojiwasha.

Kupandisha kwenda Windows 11 hakupo mezani. Microsoft haikubali rasmi prosesa ya kizazi hicho. Kwa Intel, orodha yake huanzia kizazi cha nane. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani kuna mpango wa kuongezewa sasisho za usalama hadi 13 Oktoba 2026, na unajiandikisha kupitia ukurasa wa `Windows Update`. Kwa hivyo mashine hii inapata muda, lakini si muda mrefu.

Suluhisho lake ni kufuta na kuweka upya, lakini kwa namna isiyohatarisha kitu. Inanunuliwa `SSD` ya gigabaiti 240 na RAM nyingine ya gigabaiti 4. Diski ya zamani inachomolewa na kuwekwa kando, bila kufutwa hata herufi moja. Windows inawekwa kwenye diski mpya. Kisha ile ya zamani inatiwa kwenye kikasha cha USB, na faili zinahamishwa moja moja kwa utulivu. Kikisahaulika kitu, kinapatikana bado kwenye diski ya zamani. Hofu yote ya kufuta inakwisha, kwa sababu hakuna kilichofutwa.

Ile programu ya hesabu ndiyo inayotakiwa kushughulikiwa mapema, kabla bisibisi haijaguswa. Programu haihamishiki kwa kunakili folda yake. Kwanza unaifungua na kutumia sehemu yake ya kuhifadhi nakala, kisha unaiweka nakala hiyo kwenye flashi. Pili unamtafuta aliyeiuza, akupe faili ya kuiweka upya na namba ya kuifungulia. Asipopatikana, usiondoe diski ya zamani hadi ujue hesabu hizo utazisomea wapi. Hapo ndipo watu hupoteza miaka mitatu ya madeni ya wateja kwa mchana mmoja.

Mambo ya kuhakikisha kabla ya kuweka upya

Ingia kwenye ukurasa wa `Activation` ndani ya Settings. Ukisoma `Windows is activated with a digital license`, Windows itajitambua tena kwenye mashine hiyo hiyo ukishaunganisha intaneti, hata diski ikiwa mpya, mradi uweke toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro. Pale inapouliza namba, chagua `I don't have a product key`.

Angalia kama diski imefungwa kwa `BitLocker`. Kama imefungwa, andika ufunguo wake wa kufungulia kwenye karatasi. Bila ufunguo huo, diski ya zamani ikiwekwa kwenye kikasha haitasomeka.

Kama hubadilishi diski na utaifuta ile ile, nakili faili zako kwenye diski ya nje, kisha uzifungue chache kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasoma. Usiangalie Documents pekee. Watu husahau Desktop, Downloads, maneno ya siri yaliyomo kwenye kivinjari, na barua za Outlook.

Flashi ya kuwekea Windows iwe ya gigabaiti 8 au zaidi, nayo itafutwa yote. Itengeneze kwa `Media Creation Tool` kutoka kwa tovuti ya Microsoft, si kwa nakala iliyopita mikono kumi. Pakua pia draiva ya Wi-Fi ya laptopu yako mapema, maana ikikosekana hutapata intaneti ya kuitafutia. Wakati wa kuweka, chagua `Custom`, na kabla ya kubonyeza `Delete` kwenye orodha ya diski, soma ukubwa wa kila moja. Diski ya nje yenye nakala zako ikiwa imechomekwa, nayo itatokea hapo. Ni salama zaidi kuichomoa kabisa.

Utajuaje kwamba imepona

Sasisho zote zikishaingia, rudia kipimo kile kile: iache dakika kumi, kisha ufungue `Task Manager`. Diski inatakiwa ishuke karibu na sifuri. Ikiwa umeweka upya kwenye `HDD` ile ile na bado iko 100 siku ya tatu, basi tatizo halikuwa takataka. Ni diski, na pesa inayofuata iende huko.

Rudisha programu moja moja, zile tu unazozitumia, na ukinge virusi kwa programu moja pekee. Diski ya zamani iweke kabatini miezi mitatu kabla ya kuipangia kazi nyingine. Kitu kilichosahaulika aghalabu hukumbukwa siku mteja anapokuja kuulizia risiti yake ya mwaka jana.