Ufafanuzi: Jinsi joto la kila siku linavyoonyesha umri wa mahindi na wa viwavijeshi

Katika viwanja vidogo vya Kyebando, kaskazini mwa jiji la Kampala, mahindi ya msimu wa kwanza hupandwa mvua za Machi zinapoanza. Wiki chache baadaye huja mgeni asiyetakiwa: kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyetoka katika mabara ya Amerika, ambaye serikali ya Uganda ilithibitisha kuwapo kwake nchini mwaka 2017.

Swali linalomkabili mkulima ni la wakati. Kiwavi mchanga hukaa juu ya majani, naye huuawa kwa urahisi. Akishakua huingia ndani ya moyo wa mmea na kuziba njia kwa kinyesi chake kinachofanana na unga wa mbao, na dawa inayonyunyizwa haimfikii. Je, mkulima atajuaje siku ya kwenda shambani kabla mlango huo haujafungwa?

Jibu moja hutokana na rekodi ya joto la kila siku.

Nyuzijoto za ukuaji ni nini?

Mimea na wadudu hawana joto la mwili la kujitengenezea kama binadamu. Ukuaji wao hufuata joto la mazingira: siku ya joto huharakisha, siku ya baridi huchelewesha, na chini ya kiwango fulani ukuaji husimama kabisa. Mwanasayansi wa Ufaransa René Réaumur alipendekeza mwaka 1735 kwamba joto la siku lijumlishwe ili kukadiria muda wa mimea kukomaa. Kutokana na wazo hilo kilizaliwa kipimo kinachoitwa nyuzijoto za ukuaji.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua joto la juu kabisa la siku na la chini kabisa, yajumlishe, kisha gawanya kwa mbili. Kutoka katika wastani huo toa kiwango ambacho chini yake kiumbe husika hakikui. Kinachobaki ndicho alichopata siku hiyo. Wastani ukiwa chini ya kiwango hicho, siku inahesabiwa sifuri.

Kwa mahindi, kiwango kinachotumika sana ni nyuzi 10 za sentigredi. Kwa kiwavijeshi vamizi, utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2020 ulipata takriban nyuzi 12.6 kwa maisha yake yote, kuanzia yai hadi nondo, na jumla ya nyuzijoto 392 za kukamilisha safari hiyo.

Mfano wa siku nne

Tuseme mkulima wa Kyebando amekuta asubuhi fungu la mayai chini ya jani, limefunikwa kwa manyoya ya kijivu. Fungu moja huweza kuwa na mayai 100 hadi 200. Kulingana na utafiti huo, mayai huanguliwa baada ya kukusanya takriban nyuzijoto 36, na kiwango cha kuanzia kwa hatua hiyo ni nyuzi 13.

Siku ya kwanza joto la juu ni nyuzi 29 na la chini ni 18. Wastani ni 23.5, ukitoa 13 inabaki 10.5. Siku ya pili ni ya mawingu, nyuzi 27 na 17, nayo inaongeza 9, hivyo jumla ni 19.5. Siku ya tatu, nyuzi 28 na 19, inaongeza 10.5 na kufikisha 30. Siku ya nne mvua inanyesha, joto ni nyuzi 26 na 17, nayo inaongeza 8.5. Jumla sasa ni 38.5, imevuka 36.

Kwa hiyo viwavi wanatarajiwa kutoka siku ya nne. Fungu alilolikuta mkulima angeweza kulisaga kwa vidole papo hapo, lakini limemwambia kwamba nondo wametaga shambani. Mafungu mengine ambayo hakuyaona yana umri unaokaribiana nalo. Ukaguzi wa siku ya nne na siku chache zinazofuata ndio wenye faida kubwa.

Baada ya hapo, katika wastani wa nyuzi 23, kiwavi huchukua takriban siku 19 kukua, kisha hulala udongoni akiwa pupa kwa siku 15 hivi. Mzunguko mzima kutoka yai hadi nondo ni kama siku 38.

Mahindi nayo yana hesabu yake. Katika wastani huohuo hupata nyuzijoto 13 kwa siku. Huhitaji takriban 60 ili kuchomoza, yaani siku tano hivi, ikiwa udongo una unyevu. Mkulima akiandika hesabu zote mbili katika daftari moja, ataona mmea utakuwa na umri gani kizazi kijacho cha nondo kitakapotoka.

Kwa nini siku za kalenda hazitoshi?

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na joto lake halibadiliki sana kati ya mwezi na mwezi. Hapo kalenda haipotoshi sana. Lakini chukua wilaya ya Kabale, kusini magharibi, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800. Siku yenye nyuzi 24 mchana na 12 usiku ina wastani wa 18, nayo humpa mdudu nyuzijoto 5.4 tu. Mzunguko uleule wa siku 38 utachukua takriban siku 72. Ratiba iliyonakiliwa kutoka Kampala itamfanya mkulima wa Kabale apoteze dawa na nguvu zake.

Mahali hesabu inapoharibika

Kosa la kwanza ni la kipimajoto. Kikitundikwa ukutani chini ya bati, au mahali jua linapokipiga, kitasoma joto la bati na si la hewa. Nyuzi 2 za ziada kila siku zitageuza siku 38 kuwa 32, na mkulima atadhani kizazi kipya kimetoka siku sita kabla ya wakati wake. Vituo vya hali ya hewa huweka kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu ya kupitisha hewa, juu ya ardhi kwa zaidi ya mita moja. Nyumbani, kivuli cha kudumu chenye hewa, mbali na ukuta, ndicho kinachokaribia hali hiyo.

Kosa la pili ni la siku ya kuanzia. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, hesabu nyingi huanza tarehe 1 Januari, kwa sababu baridi imewasimamisha wadudu. Karibu na Ikweta hakuna baridi ya namna hiyo. Nondo huruka mwaka mzima na vizazi huingiliana. Hapa hesabu lazima ianze na tukio lililoonekana: mayai ya kwanza baada ya mahindi kuchomoza, au nondo dume wa kwanza kunaswa katika mtego wa harufu ya nondo jike.

Tena, hesabu haijui ukame. Mahindi yaliyonyauka hayakui kwa joto pekee, hata kama daftari linaonyesha nyuzijoto za kutosha. Ndiyo maana jumla inapofika, hatua inayofuata si kunyunyiza dawa, bali ni kuingia shambani, kufunua majani ya katikati na kutazama.