Rekoda Inaporuka: Pumzi, Ulimi na Tundu la Gumba

Katika mtaala wa umilisi nchini Kenya, wanafunzi wa Gredi ya 4 hujifunza rekoda ya deskanti, ile filimbi fupi ya plastiki, wakianza na noti B, A na G. Noti hizo tatu hazisumbui sana. Taabu huanza wanaposhuka kuelekea D na C: badala ya sauti nene inayotarajiwa, hutoka mlio mwembamba wa kuchoma masikio, na mwalimu hukemea, “Usipulize kwa nguvu!”

Kiingereza kina neno moja la kitaalamu kwa jambo hilo, ambalo kwa Kiswahili ni “kupuliza kupita kiasi”. Tafsiri hiyo ni sahihi lakini haitoshi, kwa sababu inataja chanzo kimoja tu. Afadhali tukio lenyewe liitwe “kuruka”, kwa kuwa ndivyo sauti inavyofanya, na “kuzidisha pumzi” kubaki jina la mojawapo ya sababu zake.

Kwenye kichwa cha rekoda, pumzi hupita katika mfereji mwembamba, ikatoka kama utepe wa hewa na kukutana na ukingo mkali ulio kwenye kidirisha cha mbele. Hapo utepe huyumba, mara uingie bombani, mara utoke nje, na kuyumba huko ndiko kunakotikisa hewa iliyomo ndani. Matundu yote yakizibwa, C ya chini ya deskanti hutikisika takriban mara 523 kwa sekunde. Pumzi ikiongezwa, utepe huvuka kidirisha kwa kasi zaidi. Kwanza noti hupanda kidogo, ikawa haipatani na ya mwenzake wa dawati la pili. Pumzi ikizidi tena, mtikisiko wa kwanza hushindwa kwenda na kasi hiyo, na hewa bombani hushika mwendo wa mara mbili yake, takriban 1,047. Sauti imeruka oktava nzima, ghafla, bila kupita katikati.

Lakini mtoto anaweza kupuliza kwa upole kabisa na bado sauti ikaruka. Wa kulaumiwa hapo ni tundu la gumba, lililo peke yake nyuma ya rekoda, chini ya gumba la mkono wa kushoto. Mwanya mdogo pale huvuruga mtikisiko wa chini na kuuachia nafasi ule wa juu. Wapigaji hodari hutumia siri hiyo makusudi. Chukua E ya chini: gumba limeziba, na matundu matano ya mbele yamezibwa. Ili kupata E ya juu, vidole vya mbele havisogei hata kidogo. Gumba hukunjwa kwenye kiungo chake, na ncha yake, karibu na ukucha, huacha upenyo mwembamba kama hilali. Upenyo ukiwa mkubwa mno, noti hiyo hukwaruza au hukataa kutoka.

Kwa hiyo mwanafunzi ambaye gumba lake linateleza kidogo anaposhuka kutoka G hadi E anapiga noti ya juu bila kujua. Kumwambia apunguze pumzi hakumsaidii. Mwalimu amwangalie gumba, kisha amwambie alibonyeze na kulitazama: likiwa limeziba sawasawa, alama ya duara kamili hubaki kwenye nyama ya kidole. Alama iliyokatika upande mmoja inaonyesha hewa inakopenya. Vidole vya mbele navyo vikaguliwe hivyo hivyo, hasa kidole cha pete cha mkono wa kulia, ambacho kwa kawaida kinakuta matundu mawili madogo.

Sababu ya tatu ni ulimi. Kila noti huanzishwa kwa ncha ya ulimi kugusa ufizi nyuma ya meno ya juu, kana kwamba mtu anatamka “du” bila sauti. Tendo hili linafaa kuitwa “mguso wa ulimi”. Anayesema “kugonga” humfanya mtoto agonge kweli, na hewa iliyobanwa nyuma ya ulimi hutoka kwa kishindo. Noti basi huanza kwa mlio wa juu kabla ya kutulia. Msemaji wa Kiswahili cha pwani anaijua tofauti hiyo mdomoni: “t” ya taka za jaani hutoka na mpumuo, ile ya kutaka haina. Noti za chini zinahitaji hiyo ya pili, au “du” iliyo laini zaidi.

Gumba likiwa sawa, ulimi ukiwa mwepesi na pumzi ikiwa ya taratibu, na bado rekoda inakwaruza au kuruka, huenda mfereji umejaa unyevu wa pumzi. Kidirisha hufunikwa kwa kidole, bila kukandamiza ule ukingo, kisha hupulizwa mara moja kwa nguvu ili maji yatoke.